Oksimita mbili zisizokubaliana, na themogani inayosema 36.4 kwa kila mtoto

Swali: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni nesi kwenye dispensari ndogo huku Lamu. Tuna oksimita mbili za kidole, juzi mzee mmoja mwenye kifua moja imesema 95 ingine 91, kidole kilekile. Themogani nayo ni kama imekwama, kila mtoto 36.4, 36.5, hata yule ambaye mamake anasema amechemka usiku kucha. Kupeleka vifaa kalibresheni Mombasa ni gharama. Niamini ipi, na mimi mwenyewe hapa naweza kuangalia nini?

Jibu:

Waaleikum salaam dadangu. Nianze na huyo mzee kwanza, vifaa tutavirudia. Ukipata namba mbili zinazogombana na mtu ana kifua kweli, fanya kazi na ile ya chini mpaka upate sababu ya kuikataa. Ukiamini 91 na kumbe alikuwa 95, umepoteza oksijeni kidogo na pengine nauli ya boti. Ukiamini 95 na kumbe alikuwa 91 au chini, umemrudisha nyumbani na nimonia yake. Jambo moja tu la kuangalia, kama ni mvutaji wa sigara wa miaka mingi mwenye kile kifua sugu cha kubana, oksijeni mpe kidogokidogo ukilenga 88 hadi 92, usimpandishe mpaka 99, wengine wa aina hiyo wakizidishiwa ndio wanazidi kulegea.

Sasa kwa nini zimetofautiana. Watu wengi wakisoma kwenye karatasi ya oksimita "±2%" wanaelewa kwamba kifaa hakikosei zaidi ya 2. Sivyo. Hiyo namba inapatikana hivi: wanachukuliwa watu wazima wenye afya, wanapunguziwa oksijeni pole pole ndani ya maabara, wanatolewa damu ya ateri na kupimwa, alafu namba ya damu inalinganishwa na namba ya kidoleni. Ile ±2 maana yake ni kwamba takriban vipimo viwili kati ya vitatu vimeangukia ndani ya 2, na hicho cha tatu kimeangukia nje, na karibu vyote viko ndani ya 4. Tena hiyo ni kwa mtu mwenye afya, amekaa kimya, mkono una joto. Kiwango cha kimataifa cha oksimita, ISO 80601-2-61, kinaruhusu mpaka 4 kati ya 70 na 100, na chini ya 70 kwa kawaida mtengenezaji hakuahidi chochote, kwahiyo ukiona 62 isome tu kama "chini sana", usianze kujiuliza mbona si 65.

Rudi kwa mzee wako. Tuseme ukweli wa damu yake ulikuwa 93. Oksimita ya kwanza ikakosea 2 kwenda juu, ya pili ikakosea 2 kwenda chini, hizo hapo 95 na 91, na zote mbili zimefaulu mtihani wao. Kwahiyo tofauti ya 4 peke yake, kwa mgonjwa mmoja, mara moja, haikwambii kifaa kipi ni kibovu. Tofauti ya 4 ambayo inajirudia kila siku, kila mtu, upande uleule, hiyo ndiyo inakwambia kitu, na hiyo unaweza kuitafuta mwenyewe bila kuvuka maji.

Kabla ya kufika huko kuna jambo kuhusu ngozi zetu ambalo lazima lisemwe. Oksimita inapitisha mwanga wa aina mbili kidoleni, mwekundu wa kama nanomita 660 na infraredi ya kama 940, alafu inahesabu ni kiasi gani kila mmoja umemezwa na damu inayodunda. Rangi ya ngozi inaingilia hiyo hesabu, na kwa ngozi nyeusi kosa linaelekea kwenda juu, yaani mashine inakuonyesha oksijeni nzuri kuliko ilivyo, na linazidi kadri oksijeni inavyoshuka, pale pale unapohitaji ukweli. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu za wagonjwa wa hospitali ambao oksimita iliwaonyesha 92 hadi 96. Kwa wagonjwa Weusi karibu 12 katika kila 100 ya vipimo hivyo, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88. Kwa wazungu ilikuwa chini ya 4 katika 100. Hakuna seti ya kubonyeza ukarekebisha hilo, na wala usitoe 3 kwa kila namba kama wengine wanavyofanya, manake kosa si sawa kwa kila mtu. Unachoweza ni kubadilisha vile unavyosoma: 92, 93, 94 kwa mtu anayepumua haraka isikutulize. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 mpaka 5 anayepumua 40 au zaidi, hizo pumzi umezihesabu kwa macho yako na saa, zina haki ya kusikilizwa hata kama kidole kinasema 96.

Na sisi tuko usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi yuko juu kama mita 1,700, huko mzima kabisa anaweza kuonyesha 95 ikaeleweka. Lamu au Malindi mtu mzima mwenye afya natarajia 96 kwenda juu. Akionyesha 93 ni mgonjwa, au kidole kina shida, au kifaa kina shida, lazima moja ujue.

Kidole kwetu kina shida yake maalum, na ni hina na piko. Hina nyekundu ya kawaida haisumbui sana, mwanga unapita. Piko na hiyo hina nyeusi ndiyo tabu, inaziba mwanga, kifaa ama kinakataa kusoma ama kinatoa namba ya ovyo. Msimu wa harusi utampata mama vidole vyote vimechovywa mpaka fundo la kwanza, na miguu pia imepambwa kwahiyo hata ukikimbilia kidole cha mguu hujaokoka. Piko haitoki kwa spiriti, usimsugue mtu bure. Tafuta kidole ambacho hakikupakwa, dole gumba au kidole kikubwa cha mguu mara nyingi kinasalimika, na kama ni kucha tu zimepakwa geuza klipu ikae ubavu kwa ubavu wa kidole badala ya juu na chini, mwanga upite nyama bila kupita kucha. Rangi ya kucha ya dukani hiyo itoe tu, hasa nyeusi na bluu.

Jiko la makaa nalo. Mtu akiletwa amepatikana amezirai kwenye chumba kilichofungwa na jiko lilikuwa linawaka ndani, au jenereta, oksimita itakuonyesha 98, 99, na huo ni uongo mtupu, kwa sababu kaboni monoksaidi ikishika damu kifaa kinaiona kama oksijeni. Huyo mpe oksijeni nyingi na mpeleke mbele, namba usiitazame. Na yule mtoto aliyepauka, pengine wa selimundu, oksimita inaweza kusema 98 kwa haki kabisa, kwamba damu iliyopo imejaa oksijeni, lakini damu yenyewe ni kidogo. Kifaa hakihesabu wingi wa damu, angalia viganja na ndani ya kope.

Haya, sasa majaribio. Ya kwanza inachukua dakika 2 na ndiyo naipenda kuliko zote: mapigo ya moyo. Oksimita inapata oksijeni kutoka kwenye damu inayodunda, kama haijashika mdundo sawasawa basi hata hiyo oksijeni imeibahatisha. Kwahiyo mkalishe mtu, mkono juu ya meza, usiwe kwenye jua wala chini ya taa kali, kama ametoka kwenye boti na vidole ni baridi msugue kwanza mpaka vipate joto. Weka klipu, ngoja namba itulie, nusu dakika mpaka dakika nzima, usisome ile ya kwanza inayotokea manake kifaa kinachukua wastani wa sekunde kadhaa nyuma. Huku unangoja shika mkono wa pili, hesabu mapigo sekunde 60 kamili. Kama umehesabu 112 na kifaa kinasema 110, kimeshika. Kama umehesabu 112 na kinasema 74, namba yake ya oksijeni hata usiiandike. Kama kina ule mchoro wa wimbi au vile vimistari vinavyopanda na kushuka, viwe na mdundo wa kulingana, si kurukaruka. Nikiwa na oksimita mbili zinazogombana hii ndiyo ningefanya kwanza kwa yule mzee, na mara nyingi ugomvi unaishia hapo, manake moja ilikuwa haijashika.

Ya pili ni penseli. Bana klipu kwenye penseli au karatasi iliyokunjwa, iweke mezani isitikisike. Kifaa cha kweli kitasema hakuna kidole, au kitatafuta tu bila kutulia. Kikitulia na kukwambia 98 na mapigo 72 ya penseli, hicho ni kitu cha kuchezea, kitoe kwenye chumba cha wagonjwa leo. Viko sokoni, vimeingia kwa wingi wakati wa korona.

Ya tatu ni wafanyakazi wenyewe. Chukua watu 5 wazima, wasio na kikohozi, wasiovuta sigara. Kila mtu kidole kilekile, oksimita A, alafu B, alafu A tena, kila moja dakika nzima. Tuseme A imekupa 98, 97, 99, 98, 98, na ikirudia inabadilika kwa 1 tu. B imekupa 97, 93, 98, 92, 96, na ukirudia mtu wa 92 sasa anasema 97. Hapo B ndiyo mbovu, na sababu si kwamba iko chini, ni kwamba haijirudii. Lakini kama B imekupa 95, 94, 96, 95, 95, imetulia kabisa ila iko chini ya A kwa 3 kwa kila mtu, basi hiyo ina kasoro moja isiyobadilika, nayo itoe pia kama una ingine. Usiiwekee "ongeza 3", kwa sababu hujui kama huko chini kwenye 85 bado kasoro ni 3.

Na hapo ndipo mpaka wa majaribio yote haya ulipo, nataka uushike vizuri. Watu wenye afya wanakuonyesha kifaa kinavyofanya kazi kwenye 96 mpaka 100, basi. Kifaa kinaweza kufaulu yote hayo matatu na bado kikadanganya kwenye 85. Vile vioksimita vya bei rahisi vilivyopimwa kwenye maabara, vingi tatizo lao lilionekana huko huko chini, juu vilikuwa vizuri. Wewe kwenye dispensari huna njia ya kupima huko chini, na hata fundi akija na kile kidole bandia cha majaribio, kinaonyesha tu kwamba taa na saketi zinafanya kazi, hakithibitishi kwamba 85 ni 85 kweli, hata kiwango chenyewe cha ISO kinakubali hivyo. Kwahiyo karatasi ya kalibresheni ya oksimita ya kidole ya shilingi elfu mbili usiililie sana, hizo nyingi hazina hata kitu cha kurekebisha ndani. Na ule mchezo wa kubana pumzi ili uone kama namba inashuka usifanye, wala usimfanyishe mgonjwa. Oksijeni inashuka kwa kuchelewa, kidole kinachelewa zaidi, kila mtu anashuka kivyake, hutajua chochote na unaweza kumwangusha mtu.

Watoto, haraka tu: klipu ya mtu mzima kwenye kidole cha mtoto mchanga inakaa legelege na mwanga unapita pembeni bila kupita nyama, inatoa namba yoyote. Kwa hao unahitaji proba ya watoto, ile ya kufungwa kwenye mguu. Kama huna, andika kwenye kadi "haikupimwa", ni salama kuliko kuandika 94 ambayo haina mwenyewe.

Sasa hiyo themogani, na hapa nakwambia wazi, wasiwasi wako ni wa haki.

Themogani haioni homa, inaona joto la ngozi ya paji la uso. Ngozi ya hapo kwa mtu mzima huwa kama 33 mpaka 35, wala si 36 na nusu. Ile 36.4 unayoiona kifaa kimeitunga, kimepima ngozi, kikaangalia joto la chumba, kikaongeza kiasi fulani kulingana na hesabu ambayo mtengenezaji amekiwekea. Ngozi nyeusi au nyeupe hapa haina shida, kwa infraredi zote zinatoa karibu sawa. Shida ni kwamba hiyo hesabu inadhani mtu ametulia kwenye chumba cha wastani kwa muda, na wagonjwa wako hawaji hivyo. Mtoto ametoka kwenye boti na upepo wa kusi umempiga usoni, paji limepoa. Au amebebwa juani kutoka gatini, paji limepata moto bila homa. Au ana jasho, na jasho likikauka linapoza. Au amevuliwa kofia au mtandio sasa hivi, chini yake kulikuwa na joto. Au feni inampulizia pale benchini. Alafu chumba chenyewe cha mabati mwezi wa tatu kinaweza kufika 35 na kupita, na themogani nyingi zimeandikiwa mwisho 35 au 40, soma karatasi yake.

Lakini kuna moja ambayo ndiyo inanitia hofu zaidi, na kwetu kwenye malaria ni kubwa. Homa inapopanda, pale mtoto anapotetemeka na kusema anasikia baridi, mwili unafunga mishipa ya ngozi ili ubaki na joto ndani. Ndani inapanda 39, na paji la uso linapoa. Yaani themogani inakuwa na kosa kubwa kabisa dakika ileile ambayo malaria inamshika. Kifaa kinaweza kuwa kipya, safi, kimetoka kiwandani jana, na bado kikakupa 36.5 kwa mtoto huyo bila kuharibika chochote. Watafiti wa FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa vya tiba, walichapisha mwaka 2021 kazi ya aina 6 za themogani kwa watu wazima zaidi ya 1,000, ndani ya chumba kilichotulia, na kulingana na aina, kati ya 48 na 88 katika kila vipimo 100 vilitoka nje ya usahihi ulioandikwa kwenye karatasi zao. Hiyo ni bila boti na bila upepo.

Kabla hujaihukumu ya kwako, ondoa sababu rahisi. Angalia kama iko kwenye modi ya mwili au modi ya vitu, kuna kitufe cha kubadilisha, wengi hukigusa bila kujua. Angalia kioo cha mbele, chumvi ya hewa ya bahari na vumbi vinakiziba, futa na pamba yenye spiriti kidogo, ngoja kikauke kabisa. Angalia betri na vile vyuma vinavyoshika betri, huku kwetu vinashika kutu haraka, na ukikaa wiki bila kuitumia zitoe. Ifungue menyu: kwenye nyingi ukibonyeza kitufe cha setingi kwa sekunde kadhaa inaonyesha F1, F2, F3, F4, na kwenye nyingi ya aina hii F3 ndiyo mahali pa kuongeza au kupunguza namba, kama mtu alishawahi kuweka -0.8 hapo utashangaa umeteseka bure. Na umbali, kama imeandikwa sentimita 3 mpaka 5 basi iwe hivyo, kutoka sentimita 15 inaanza kupima na hewa na ukuta. Kifaa chenyewe kikae chumba kilekile cha kupimia angalau nusu saa kabla ya kazi, usikitoe kwenye dirisha lenye jua ukaanza nacho.

Jaribio lake sasa ni la daftari, na nakuomba ulifanye hata kama mengine yote utayaacha. Unahitaji themometa ya kawaida ya digitali, ile ya kwapani ya shilingi mia tatu mia nne, ikiwezekana mbili ili uwe na hakika zenyewe zinakubaliana, uziweke zote kwenye kikombe cha maji vuguvugu ukikoroga uone zisipishane zaidi ya 0.2. Alafu wiki nzima kila mtoto anayekuja, mwenye homa na asiye na homa, akae ndani kivulini dakika 15, mfute jasho, kwapa likaushwe, themometa iingie katikati ya kwapa na mkono ubanwe mpaka ilie, na hapo hapo mpige themogani mara 3 mfululizo. Andika zote. Hizo 3 kama zinapishana zaidi ya 0.3 kwa mtoto mmoja ndani ya dakika moja, kifaa hakijirudii, mjadala umeisha. Kama zinajirudia, chukua ya katikati na uilinganishe na kwapa.

Tuchukue mfano wa watoto 6 uone inavyosomwa. Kwapa 36.6, themogani 36.5. Kwapa 36.9, themogani 36.4. Kwapa 37.2, themogani 36.5. Kwapa 37.8, themogani 36.6. Kwapa 38.4, themogani 36.9. Kwapa 39.2, themogani 37.3. Ukitoa tofauti unapata 0.1, 0.5, 0.7, 1.2, 1.5, 1.9. Angalia inavyokwenda, kwa mtoto mzima kifaa kiko sawa kabisa, na kadri homa inavyopanda ndivyo kinavyobaki nyuma. Mtu akikijaribu kwa wafanyakazi tu atasema kizuri hiki. Lakini watoto 3 hapo wana 37.5 au zaidi kwapani, ndio wale wa kupimwa malaria, na themogani haikumkamata hata mmoja. Hicho kifaa hakirekebishiki kwa kuongeza namba kwenye menyu, kwa sababu ukiongeza 1.5 utawapa homa watoto wazima na bado yule wa 39.2 utamwona 38.8. Kwa maelezo yako ya 36.4, 36.5 kwa kila mtu, naamini daftari lako litatoka hivi.

Ingekuwa tofauti zote ni 0.5, 0.4, 0.6, 0.5 na kuendelea, juu na chini sawa, hiyo ningesema rekebisha kwenye menyu na uendelee nayo kwa mchujo wa mlangoni tu. Usitosheke na watoto 6 lakini, nimekupa wachache ili usichoke kusoma. Tafuta 20 au 30, na kati yao angalau 8 wawe na homa ya kwapani, manake bila wenye homa hujajaribu kitu.

Kuna watu watakwambia upime themogani kwa kuielekeza kwenye maji. Inawezekana, kwenye modi ya vitu pekee, kwenye modi ya mwili ni kazi bure kwa sababu kitakuongezea ile hesabu yake. Na hata hivyo uso wa maji vuguvugu unapoa kwa kuvukiza, kwahiyo themogani kusema 36.3 na themometa ndani ya maji kusema 37 si kosa la kifaa. Mimi nalitumia kuona tu kama kimeharibika kabisa, kimepishana digrii 2 au 3. Kwa homa halisaidii.

Kwahiyo kwako wewe, kuanzia kesho: kwapa kwa kila mtoto mgonjwa, 37.5 ndiyo mpaka, na mama akisema amechemka usiku hiyo inahesabika kama homa hata kama saa hii kwapa linasema 36.8, mpime malaria. Themogani ibaki mlangoni mpaka daftari lijae, na kama limetoka kama ule mfano, itoke kabisa. Oksimita zibandike karatasi A na B, fanya yale majaribio 3, andika tarehe, na urudie kila mwezi na kila kikianguka chini au kikibadilishwa betri. Zikifaulu zote mbili, tumia zote mbili kwa yule anayepumua vibaya na ufuate ya chini.

Ukipata pesa ya kununua, anza na oksimita moja nzuri yenye proba ya kubadilisha, ya mtu mzima na ya mtoto, na kabla ya kulipa mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi inayosema imepimwa kwa ISO 80601-2-61, ikiwemo usahihi wake kati ya 70 na 100 na kama watu wa ngozi nyeusi walikuwa kati ya waliopimwa. Asipokuwa nayo, nenda duka lingine.